Kitabu cha Mji Wako Kimo Rafu Nyingine

Kwa miaka mingi niliamini kwamba historia ya mahali padogo haijaandikwa. Nilikuwa nikiingia maktaba, nakwenda moja kwa moja kwenye rafu ya historia, na hapo napokelewa na Roma, Misri ya mafarao, Napoleon na vita viwili vya dunia vilivyochukua rafu tatu nzima. Pembeni, karibu na sakafu, kulikuwa na vitabu vichache vya historia ya nchi. Ndani ya vitabu hivyo mji niliokuwa nautafuta ulitajwa mara mbili, mara ya kwanza kama kituo cha njiani, mara ya pili kwenye ramani.

Aliyenitoa kwenye imani hiyo ni mkutubi mmoja, mama mtu mzima aliyekuwa amebakiza miezi tu kabla ya kustaafu. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu, naye akaniuliza nimetafuta wapi. Nikamwonyesha rafu. Akatikisa kichwa. "Mwanangu," akasema, "hapo umetafuta neno historia. Mji hujautafuta." Kisha akanipa kazi ambayo sikuielewa kwanza: nichague mji ambao si wangu, ambao sina hamu nao, niutafute mpaka nijue vitabu vyake vimekaa wapi. Ukianza na kwenu, alisema, utasoma kila kitu na hutajifunza njia.

Nikachagua Mbala. Ni mji mdogo wa kaskazini mwa Zambia, karibu na ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika, si mbali na mpaka wa Tanzania. Niliuchagua kwa sababu moja tu: nilijua kwamba zamani uliitwa Abercorn.

Kabla sijaeleza nilichokipata, niseme kwa nini rafu zimekaa vile. Sababu moja ni ya biashara na kila mtu anaikisia. Kitabu cha Vita Kuu ya Pili kinauzika popote duniani, kwa hiyo mchapishaji anakitoa kwa maelfu na wasambazaji wanakiingiza kwenye orodha ambazo maktaba huagizia. Kitabu cha wilaya moja huchapwa nakala chache kwa gharama ya mwandishi mwenyewe au ya kanisa. Mara nyingi hakina hata namba ya utambulisho ya ISBN, na msambazaji hajawahi kukiona. Hakifiki rafuni kwa sababu hakuna aliyekileta.

Sababu ya pili ndiyo iliyonifungua macho, nayo imo kwenye namba zilizobandikwa migongoni mwa vitabu. Maktaba nyingi za umma hupanga vitabu kwa mfumo wa Dewey. Historia iko kwenye mia tisa: 909 ni historia ya dunia, 940 ni Ulaya, 950 ni Asia, 960 ni Afrika. Ndani ya Afrika, Kenya ni 967.62, Tanzania ni 967.8, na Zambia ni 968.94. Zambia imewekwa kwenye 968 pamoja na nchi za kusini, ingawa Mbala yenyewe inapakana na Tanzania. Kwa hiyo hata katika bara moja, mji na jirani yake wa ng'ambo ya mpaka wanaweza kutenganishwa na vitabu vingi vya katikati.

Lakini huo ndio utengano mdogo. Mfumo huu hupanga kitabu kwa mada yake kuu, na kitabu kinapata kiti kimoja tu. Mji mdogo ni mada kuu ya vitabu vichache sana. Katika vilivyobaki ni mahali ambapo jambo jingine lilitokea, na kitabu huenda kukaa na hilo jambo jingine.

Angalia Mbala. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, aliyeongoza jeshi la Wajerumani la Afrika Mashariki katika Vita Kuu ya Kwanza, hakujua kwamba mapigano yalisitishwa Ulaya tarehe 11 Novemba 1918. Habari zilimfikia siku chache baadaye, akiwa maeneo ya mto Chambeshi. Akaambiwa aende Abercorn, na huko, tarehe 25 Novemba 1918, yeye, maafisa wake na askari wake Waafrika wakaweka silaha chini. Hili ni tukio kubwa kuliko yote katika vitabu vinavyoutaja mji ule. Sasa ukitaka kulisoma, unakwenda wapi? Vita Kuu ya Kwanza iko 940.3 na 940.4, yaani ndani ya Ulaya. Siku iliyo mashuhuri kuliko zote ya mji wa Kiafrika imepangwa baina ya vitabu vya mahandaki ya Ufaransa, kwenye zile rafu tatu ambazo mimi nilikuwa nazipita kwa kununa.

Nilipoliona hilo nikaanza kujiuliza swali tofauti. Badala ya kuuliza nani ameandika historia ya Mbala, nikauliza nani alikuwa na shughuli Mbala. Kila mwenye shughuli huacha maandishi, na maandishi hukaa kwenye rafu ya shughuli yake.

Wa kwanza kunijia walikuwa wamisionari. Jumuiya ya Misheni ya London ilikuwa na vituo Kawimbe na Niamkolo, upande huohuo wa ziwa, tangu karne ya 19. Wamisionari Wakatoliki, wale Mapadre Weupe, walianzisha kituo katika nchi ya Wamambwe mwaka 1891. Vitabu vyao viko chini ya dini, kwenye 266, namba ya misheni. Barua na taarifa za watu wa London ziko kwenye maktaba ya chuo cha SOAS huko London. Mtu anayetafuta historia kwa kawaida hapiti rafu ya dini, na mimi sikuwahi kuipita.

Wa pili sikuwatarajia kabisa: wataalamu wa nzige. Kati ya mwaka 1930 na 1944 nzige wekundu walienea sehemu kubwa ya Afrika ya mashariki na kusini. Baadaye ikaonekana kwamba makundi yale huanzia kwenye mabonde machache tu, likiwemo Bonde la Rukwa upande wa Tanganyika na mbuga za Mweru wa Ntipa upande wa Rhodesia Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Mwaka 1949 nchi zilizohusika zikaunda shirika la pamoja la kudhibiti nzige wekundu, na makao yake makuu yakawekwa Abercorn. Kwa hiyo taarifa za miaka hiyo zinahusu kazi iliyoendeshwa kutoka mji huu mdogo, na ziko kwenye 632, wadudu na magonjwa ya mimea, ndani ya kilimo. Mtoto wa Mbala ambaye babu yake aliajiriwa na shirika lile anaweza kumaliza rafu yote ya historia asikute hata sentensi moja ya kazi ya babu yake, na huku imo jengo hilohilo, rafu za kilimo.

Wa tatu walikuwa wachimbuzi. Maporomoko ya Kalambo yako karibu na Mbala, mpakani, na tangu miaka ya 1950 Desmond Clark alichimba huko mabaki ya maisha ya kale sana. Matokeo yalitoka kwa majuzuu matatu, la kwanza mwaka 1969 na la mwisho mwaka 2001. Hayo utayakuta kwenye akiolojia. Wa nne walikuwa wanaanthropolojia: William Watson alitoa mwaka 1958 kitabu kuhusu Wamambwe, jinsi wanaume walivyokwenda mbali kutafuta ajira ya mshahara huku mashamba ya kijijini yakiendelea kulimwa. Jina la kitabu halitaji mji wowote. Kimekaa na elimu ya jamii, kwenye mia tatu.

Hapo nilikuwa na rafu tano, na ya historia ilikuwa imechangia kidogo kuliko zote.

Shida iliyofuata ilikuwa majina, na hapa ndipo watu wengi hukwama bila kujua kwamba wamekwama. Nilipoandika Mbala kwenye katalogi nilipata vitu viwili vitatu na vitabu vya lugha ya Kimbala, ambayo ni ya watu wengine kabisa, wa Kongo. Nilipoandika Abercorn nikaletewa ukoo wa makabaila wa Uingereza, kwa kuwa mji ulipewa jina la kabaila mmoja, Duke wa Abercorn, aliyekuwa mwenyekiti wa Kampuni ya Uingereza ya Afrika Kusini.

Yule mama alinieleza kanuni ambayo mpaka leo naona ingefaa ibandikwe juu ya kila kompyuta ya maktaba. Katalogi ina sehemu mbili zinazofanana kwa macho lakini zina tabia tofauti. Moja ni jina la kitabu, ambalo halibadiliki. Lililochapwa mwaka 1920 linabaki vilevile. Nyingine ni kichwa cha mada, ambacho mkutubi hukiandika mwenyewe kufuata orodha maalumu. Maktaba kubwa nyingi hutumia orodha ya Maktaba ya Bunge la Marekani, na kanuni ya orodha hiyo ni kwamba mji au nchi ikibadili jina tu, kichwa cha mada hutumia jina la mwisho. Kwa hiyo hata kitabu cha mwaka 1920 chenye Abercorn kwenye jalada, kichwa chake cha mada kinatakiwa kuwa `Mbala (Zambia)`. Ukitafuta kwa mada, tumia jina la leo. Ukitafuta kwa maneno ya jina la kitabu, tumia jina la enzi yake. Mimi nilikuwa nafanya kinyume, kisha naondoka nikisema hakuna kitu.

Halafu jina la mji peke yake halitoshi. Unapanda ngazi ya utawala, na kila daraja lina majina yake ya zamani. Mbala iko Zambia tangu uhuru wa Oktoba 1964. Kabla yake ni Rhodesia Kaskazini. Kabla ya mwaka 1911, sehemu hiyo ilikuwa Rhodesia Kaskazini-Mashariki, eneo la kampuni. Na kati ya 1953 na 1963 taarifa nyingi za serikali zilitoka kwa jina la Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland. Majina ya watu nayo hubadilika tahajia: Wabemba huandikwa Awemba kwenye vitabu vya mwanzo wa karne ya 20, na lugha ya Kimambwe huandikwa kwa Chi au kwa Ci kutegemea aliyeandika. Niliandika majina yote hayo kwenye karatasi moja kabla ya kugusa tena kompyuta. Karatasi ile ndiyo iliyofanya kazi yote iliyobaki.

Kuna maktaba za mtandaoni zinazotafuta ndani ya maandishi ya vitabu vyenyewe, si kwenye katalogi tu. Ninayoitegemea zaidi ni HathiTrust. Hata kama kitabu bado kina hakimiliki na huruhusiwi kukisoma, inakuambia neno lako limo kurasa zipi na mara ngapi. Hiyo inatosha. Unachukua namba za kurasa, unakwenda kwenye nakala halisi au unaiomba maktaba yako iiazime kwa maktaba nyingine, na hupotezi siku nzima kupekua kitabu ambacho mji wako umo mstari mmoja. Internet Archive ni nzuri kwa vitabu vya zamani visivyo tena na hakimiliki, kwa kuwa unavisoma palepale.

Maneno niliyoandika yalikuwa ya namna hii:

```
"Abercorn" "Northern Rhodesia"
"Abercorn" locust
"Abercom" Tanganyika
```

Mstari wa tatu haukukosewa. Kitabu kinapopigwa skani, mashine inasoma herufi kwa umbo, na herufi r ikifuatiwa na n katika chapa ya zamani iliyobanana huonekana kama m. Kwa hiyo kurasa kadhaa zenye Abercorn zimehifadhiwa kama Abercom, na anayetafuta jina sahihi hazioni kamwe. Nilikaa nikaukodolea macho ukurasa mmoja wa namna hiyo, nikaukuza kwenye kioo mpaka wino ukaanza kuonekana punje punje. Jina lilikuwa limechapwa sawasawa. Ila mkia wa r ulikuwa umegusa bega la n, mguso mdogo kama unywele, na kwa mguso ule ukurasa mzima ulikuwa umepotea. Tangu siku hiyo, kila nikipata jina la mahali nalikagua kwanza: lina rn au m? Lina l ndogo inayoweza kusomwa kama i au namba moja? Lina h inayoweza kusomwa b? Natafuta kwa makosa yote yanayowezekana.

Kitabu kikishafika mkononi, sisomi kuanzia mwanzo. Nafungua faharasa ya nyuma, na faharasa ina lugha yake. Tuseme umekuta mji umeandikwa hivi: 45, 112n, 167–9. Ukurasa wa 45 ni kutajwa tu. Ile n baada ya 112 maana yake jina limo kwenye tanbihi chini ya ukurasa. Kurasa 167 hadi 169 ndipo pana mazungumzo, kwa sababu mwandishi amekaa na mji kurasa tatu mfululizo. Watu hukimbilia hizo tatu na kuiacha tanbihi. Mimi siku hizi naanza na tanbihi, kwa kuwa hapo mwandishi anasema alikipata wapi: barua fulani, ripoti fulani, makala ya jarida fulani. Nikifanya hivyo kwenye vitabu vitatu au vinne, chanzo kinachojirudia kinajitokeza chenyewe.

Kwangu kilichojirudia kilikuwa jarida. Kulikuwa na jarida la historia la Rhodesia Kaskazini, Northern Rhodesia Journal, lililotoka kuanzia mwaka 1950 hadi 1965, lenye kumbukumbu za maafisa, walowezi na wamisionari kuhusu vituo vyao. Katalogi inaliandika kama kitu kimoja, jarida, basi. Makala zilizomo ndani hazina namba, hazina vichwa vya mada, hazipo kabisa kwa mtu anayetafuta kitabu. Hivi ndivyo ilivyo mahali pengi: historia ya mji mdogo huandikwa kwa kurasa kumi ndani ya jarida kabla haijaandikwa kwa kurasa mia mbili, na mara nyingi haivuki zile kumi.

Jambo moja liliniuma, nalo sikulitambua mpaka karatasi yangu ilipojaa. Karibu wote niliowakuta walikuwa wageni. Walijua tarehe ya kuweka jiwe la msingi la kanisa, lakini mafundi waliolijenga wanatajwa kwa idadi tu. Kwa hiyo nilitafuta upande wa pili, na njia mbili zilisaidia. Ya kwanza ni vitabu vilivyoandikwa kwa lugha za wenyeji, ambavyo maktaba nyingi huviweka na lugha za Kiafrika, kwenye 496, au na fasihi yake kwenye 896, hata kama ndani ni historia ya ukoo mtupu. Mkutubi asiyeisoma lugha hiyo ameona lugha, akaweka lugha.

Ya pili ni madaftari ya wilaya. Katika makoloni ya Waingereza, ofisi ya wilaya ilikuwa na daftari ambalo afisa mmoja alimwachia mwenzake: orodha za machifu, mpangilio wa urithi, mila, barabara, kodi. Ya Zambia yako kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Lusaka. Ya Tanganyika nayo yapo, na yalinakiliwa kwenye filamu ndogo, hivyo baadhi ya maktaba za vyuo vya nje zina nakala. Humo ndimo utakapokuta masimulizi ya wazee yakiwa yameandikwa karibu na wakati wake. Ila yasome kwa uangalifu. Nasaba ya machifu iliyomo daftarini kwa kawaida iliandikwa siku kulipokuwa na ugomvi wa kiti, na aliyeisimulia alikuwa na upande. Angalia tarehe ya ukurasa, angalia nani alikuwa chifu mwezi huo, na kama ukoo wa huyohuyo ndio unaoonekana hauna mkatiko tangu enzi na enzi, tafuta ukurasa mwingine wa miaka kumi kabla au baada. Majina yakipungua au yakibadilishana nafasi, umeujua ugomvi wenyewe.

Kitu cha mwisho nilichokifanya kilikuwa kumwandikia mkutubi wa maktaba kubwa kuomba msaada, na barua ya kwanza haikujibiwa. Nilikuwa nimeandika: naomba vitabu kuhusu historia ya Mbala. Ya pili niliandika majina yote mawili, miaka niliyoitaka, namba za kurasa nilizozipata, na jina la juzuu la jarida, nikaomba skani ya kurasa nane tu. Zilikuja wiki hiyohiyo, pamoja na ujumbe mfupi wa mkutubi kwamba wana pia sanduku la vijitabu visivyoingizwa kwenye katalogi, na kama ningependa angeangalia. Nikampigia simu yule mama, ambaye sasa yuko nyumbani, kumweleza habari za sanduku. Akacheka kwa furaha, akasema masanduku ya namna hiyo yapo karibu kila maktaba ya zamani, na mtu hafunguliwi mpaka ataje mji kwa jina.

Sasa ndiyo nimeanza na mji wetu. Karatasi ya majina imejaa upande mmoja: matatu ya mji wenyewe, mawili ya wilaya, na tahajia nne za jina la kabila. Moja kati ya majina ya zamani lina rn katikati.